Wameangalia mashuka yako mpaka mwisho, mbona hawakununua?

*Kaka, habari za kazi. Nauza mashuka Dar, natangaza Facebook na Instagram, mteja akibonyeza anakuja WhatsApp. Video yangu ya sekunde 40 imeangaliwa na watu 18,400, walioagiza ni 31. Nikashauriwa niwafuate tena walioangalia. Nikarusha video ile ile, nikaongeza maandishi ya punguzo la asilimia 10. Wiki nzima nimepata wateja wawili. Kwa watu hawa niseme nini ambacho sijasema?*

Dada, nzuri. Nianze na hiyo 18,400, maana ndiyo inayokuumiza roho bila sababu. Namba hiyo inahesabu kila mara video ilipocheza kwa mtu kwa sekunde tatu. Video za huko zinajicheza zenyewe. Mtu anashuka na kidole, anasita kidogo kwa sababu dereva wa daladala amefunga breki, tayari amehesabiwa. Hao si watu waliokataa mashuka yako, wengi wao hata hawajui kama walikuwa wanaangalia mashuka.

Wanaokuhusu ni wachache zaidi, na Ads Manager inakuruhusu kuwachambua kwa kipimo cha walikofika: sekunde 3, sekunde 10, ThruPlay ambayo ni sekunde 15 au video nzima ikiwa fupi zaidi, kisha 25%, 50%, 75% na 95% ya video. Kwa video yako ya sekunde 40, aliyefika 25% ameona sekunde kumi, wa 50% ameona ishirini, wa 75% thelathini. Sasa fungua video yako na saa mkononi. Mimi nimeiangalia hivyo. Sekunde kumi za kwanza ni kitanda kimetandikwa na muziki. Kati ya kumi na ishirini unaonyesha rangi. Ishirini mpaka thelathini unasema ni pamba, saizi 5x6 na 6x6, seti ina shuka mbili na foronya mbili. Mwisho unasema "bei inboksi".

Kwa hiyo mtu aliyefika 75% amesikia kila kitu ulichokuwa nacho cha kusema. Ameona rangi, amesikia pamba, amesikia saizi. (Wapo wachache walioruka mbele kwa kidole nao wakahesabiwa humo, usihangaike nao.) Ukimrudishia video ile ile unamsimulia hadithi anayoijua. Hakuondoka kwa kukosa maelezo ya jumla, kuna kitu kimoja hakukiamini au hakukipata, akasema nitarudi. Kazi ya skripti ya pili ni kukishika hicho kimoja tu.

Kitu gani? Usikae ukabuni. Majibu unayo kwenye simu. Wale walioandika WhatsApp wameuliza yale yale ambayo wale walionyamaza walijiuliza kimoyomoyo. Uliponitumia picha za meseji zako, nilizihesabu kwa penseli, kama karani wa kura. Nikiacha "bei gani?", zilizobaki zinaangukia kwenye mafungu matatu. La kwanza: "ni pamba kweli au yale ya kuteleza?", pamoja na "linachuja?". La pili: "6x6 yako inafika? godoro langu ni nene." La tatu: "niko Mbeya, natuma hela kabla?" Hizo ndizo skripti zako tatu. Kila moja inajibu swali moja na kuishia hapo. Ukizichanganya zote kwenye video moja utarudi kulekule kwenye tangazo la kwanza.

Kuhusu "bei gani?", hiyo haihitaji skripti, inahitaji bei. Najua kwa nini wafanyabiashara wetu wanaficha bei, wanataka mteja aingie kwenye mazungumzo kwanza. Kwa mtu anayekuona mara ya kwanza, tunaweza kubishana. Kwa aliyekwisha kukaa nawe sekunde thelathini, kuficha bei ni kumwambia utampangia bei kwa kumwangalia. Kwenye video za pili, bei iandikwe kwenye skrini, kwa tarakimu, na pesa ya kupeleka mzigo pembeni yake.

Tuandike ile ya pamba kwa ukamilifu, maana ndiyo yenye nguvu zaidi. Neno "pamba" kila muuza mashuka analisema, kwa hiyo halina uzito tena. Usiliseme, lionyeshe. Kuna jaribio ambalo mafundi nguo wanalifanya miaka yote: uzi na moto. Uzi wa pamba ukiungua unanuka kama karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini yanayosagika kwa vidole. Uzi wa polyesta unajikunja, unayeyuka, na ukipoa unabaki kidonge kigumu. Video yote ni hiyo, sekunde 22.

*Sekunde 0 mpaka 3.* Vidole viwili vinachomoa uzi kwenye pindo la shuka, kamera karibu kabisa. Maandishi: "Pamba, au jina tu?" Sauti yako: "Huu uzi nimeutoa kwenye shuka ninalouza."

*Sekunde 3 mpaka 10.* Uzi umeshikwa na kibanio juu ya sahani, kiberiti kinawashwa. "Pamba ikiungua inanuka kama karatasi. Majivu yake haya, ona." Unayasaga kwa kidole yakishapoa.

*Sekunde 10 mpaka 16.* Uzi wa pili, kibanio kile kile. "Huu ni wa lile shuka la kuteleza. Hauwi majivu, unayeyuka. Sikiliza." Unagonga kidonge kwenye sahani, kinalia.

*Sekunde 16 mpaka 22.* Shuka limekunjwa, bei kwenye skrini. "Seti ya 6x6 ni shilingi 55,000. Kwa Dar, boda akikuletea, chomoa uzi uuchome kwanza, ndipo ulipe."

Sentensi ya mwisho ndiyo tangazo lenyewe. Hayo ya juu yote yanaitengenezea njia. Hujamwomba akuamini, umempa kiberiti. Na hapa lazima niseme: usipige video hii kabla hujachoma uzi wa kila rangi uliyonayo stoo. Mzigo wa jumla una tabia zake. Robota moja unaweza kukuta nyekundu ni pamba na bluu ni mchanganyiko. Mchanganyiko wa pamba na polyesta utanuka karatasi lakini utabakiza punje ngumu kwenye majivu. Ukikuta hivyo, sema ni mchanganyiko, uza kwa sifa zake, hauna makunyanzi sana na unakauka upesi, na jaribio la moto liache. Halafu weka maji karibu, polyesta iliyoyeyuka ikidondokea ngozi inaganda na kuunguza vibaya.

Skripti ya saizi inahitaji futi ya fundi na mkono mmoja. Wateja wako hawakosei wanapouliza. Godoro la 6x6 lina upana wa futi sita, yaani inchi 72. Kama ni la inchi 10 kwenda juu, shuka linatakiwa lishuke inchi 10 kila upande, na bado libaki la kuchomeka chini. Nilikuuliza shuka lako lina upana gani ukaniambia "6x6". Hiyo ni saizi ya kitanda. Pima kitambaa. Kikiwa na inchi 90, ukitoa 72 zinabaki 18, tisa kila upande, kwa hiyo kwenye godoro la inchi 10 halifiki hata chini, na mtu akigeuka usiku linachomoka. Kikiwa na inchi 100 au zaidi, hapo una cha kuonyesha.

Basi video inaanza na futi ikiwa imelala juu ya godoro nene, maandishi "Godoro la inchi 10. Linafika?", unavuta kona ya shuka, unaichomeka, unakaa kitandani, unahamahama makusudi, unasimama, kona haijatoka. Maneno hayazidi manne matano. Kama shuka halifiki, sema wazi linafaa godoro la mwisho inchi ngapi. Utapoteza wenye magodoro manene, ambao wangekurudishia mzigo hata hivyo na nauli ya boda ingekuwa juu yako.

Ya tatu ni ya watu wa mikoani, na hii ipeleke mikoani tu, usiwape wa Dar wasiwasi ambao hawakuwa nao. Hofu yao haihusu shuka, inakuhusu wewe: kwamba utapokea hela na kuzima simu. Usiwaambie "sisi ni waaminifu". Matapeli nao wanasema hivyo, tena kwa sauti nzuri zaidi. Fuata mzigo mmoja na kamera: unafungwa, unaandikwa jina la mkoa, unapokelewa ofisi ya basi, stakabadhi inaandikwa. Ziba jina na namba ya mteja. Halafu onyesha skrini ya malipo kwa lipa namba, pale jina la biashara linapotokea kabla ya kuthibitisha, na jina hilo liwe lile lile lililo kwenye ukurasa wako. Kama lipa namba yako imesajiliwa kwa jina la shemeji, hiyo ndiyo sababu ya Mbeya kutonunua, na skripti haitaitibu.

Sasa mambo ya lugha, kwa ufupi. Usianze na "Bado unafikiria?" wala "Tumeona uliangalia mashuka yetu". Kweli unajua aliangalia, lakini kumwambia ni sawa na muuza duka anayekufuata mpaka kituoni. Ongea kama vile umelifikia swali lake kwa bahati. Vilevile epuka "Hela haijatimia?" au "Umekwama kifedha?". Ukiacha kwamba ni kumdhalilisha mtu, sheria za matangazo za Meta zinakataza maneno yanayodokeza kwamba unajua hali ya kifedha ya anayesoma, na tangazo linaweza kukataliwa. Na kila neno la sauti liwe pia kwenye maandishi, kwa sababu wengi wanaangalia bila sauti, ofisini au kitandani mwenzao amelala.

Punguzo ulilotoa halikufanya kazi kwa sababu lilijibu swali ambalo hawakuuliza. Bei hawakuijua, utawapunguziaje kitu wasichokijua? Mimi mwenyewe nimewahi kumharibia mteja wangu mmoja, muuza vyombo. Nilimwandikia skripti ya punguzo kwa walioangalia, tukasahau kuwaondoa waliokwisha kununua. Waliolipa bei kamili wiki iliyotangulia wakaliona, wakaja kwenye maoni ya tangazo lenyewe kudai chenji yao. Tulilizima saa nne usiku.

Hilo linanileta kwenye mipangilio, maana skripti nzuri ikipelekwa kwa watu wasiohusika utaihukumu bure. Nenda Audiences, tengeneza Custom Audience, chagua Video, kisha kipimo cha 50%. Ningependa 75%, ila kwa matangazo ya kiasi chako kundi litakuwa dogo mno. Muda weka siku 30. Mfumo unaruhusu mpaka 365, lakini aliyetaka shuka mwaka jana ameshalala kwenye la mtu mwingine. Kundi hili lina uzuri mmoja: kuangalia kunatokea ndani ya Facebook na Instagram kwenyewe, kwa hiyo halikutikiswa sana na mabadiliko ya Apple ya Aprili 2021, yale ya iPhone kuuliza mtu kama anakubali kufuatiliwa, yaliyowaumiza wanaotegemea wageni wa tovuti.

Kisha ondoa wanunuzi. Wewe unauza WhatsApp na kulipwa kwa simu, Meta haiwezi kujua nani amenunua mpaka uiambie. Unapakia orodha ya namba kama faili, kila namba ikiwa na 255 mbele, bila sifuri:

```
phone
2557XXXXXXXX
2556XXXXXXXX
```

Namba zinazoanza na 07 au 06 bila 255 zinaweza zisimpate mwenyewe. Hata zilizo sahihi hazitakamatwa zote, kwa kuwa mtu anaweza kuwa na namba moja Facebook na nyingine ya kukulipia. Na hizo ni taarifa za watu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka mtu ajue unazitumiaje na awe ameridhia. Weka sentensi moja kwenye meseji yako ya kupokea oda, na anayekataa usimpakie. Wale walioandika meseji kwenye ukurasa bila kununua waondoe pia. Hao usiwalipie tangazo, wajibu kwa mkono, bure.

Mtego wa mwisho, nadhani ndio uliokunasa. Ads Manager siku hizi inakuwekea Advantage+ audience yenyewe, na hiyo ikiwa imewashwa, kundi lako linachukuliwa kama pendekezo tu. Tangazo linaweza kwenda kwa watu ambao hawajawahi kukuona. Tafuta kwenye mipangilio ya walengwa chaguo la kulifungia tangazo ndani ya kundi, ndipo kundi liwe mpaka wa kweli. Namna ya kujua ni rahisi: linganisha Reach ya tangazo, yaani idadi ya watu liliowafikia, na ukubwa wa kundi. Kwenye picha uliyonitumia Reach ni 9,700, na kundi la waliofika nusu halifiki 3,000. Sehemu kubwa ya hayo "marudio" yako ilikwenda kwa wageni, wageni wakapewa punguzo la kitu wasichokijua.

Upande wa pili wa kosa hilo ni kuwachosha. Tuseme kundi ni watu 2,500, na akaunti yako inalipa shilingi 4,000 kwa kila mara elfu tangazo linapoonekana. Ukiweka 10,000 kwa siku, umenunua mara 2,500: kila mtu mara moja kwa siku, saba kwa wiki. Kwa skripti moja hiyo ni kero. Angalia safu ya Frequency, yaani wastani wa mara ambazo mtu mmoja ameliona tangazo. Mimi nikiona imefika nne kwa wiki na meseji zinapungua, nabadilisha skripti, siongezi hela. Kwa kundi lako anza na 5,000 kwa siku, video ya uzi siku tano, kisha ya futi. Ya mikoani iwe na seti yake ya tangazo, imefungiwa mikoa.

Ili ujue ipi inaleta watu, tumia ule ujumbe unaojiandika mteja akifungua WhatsApp. Kila video iwe na wake: "Nataka 6x6, nimeona uzi" kwa moja, "Godoro langu ni inchi..." kwa nyingine. Wengine wataufuta, wengi watautuma kama ulivyo. Namba za Ads Manager zitakuambia mazungumzo mangapi yameanza. Daftari lako litakuambia mangapi yameishia na hela, na hilo la pili ndilo la kuamini. Ila usiipe video sifa yote. Wapo ambao wangerudi wenyewe mwisho wa mwezi mshahara ukiingia. Zima matangazo haya wiki moja ya katikati ya mwezi, yawashe wiki kama hiyo mwezi unaofuata, ulinganishe daftari.

Video ya uzi ipige asubuhi karibu na dirisha, feni imezimwa, la sivyo kiberiti kitazimika kila mara na sekunde tatu za kwanza zitakwenda na upepo.